USDT Iliyoingia Anwani Iliyogandishwa: Nani Anaidai, na Anaidai Wapi
Mada ya semina ya wafanyabiashara, Kimironko, Kigali



Nitazungumzia jambo moja finyu. Umetuma USDT kwa mtu, kisha anwani ile ikagandishwa na kampuni ya Tether iliyoitoa sarafu hiyo. Muuzaji anasema hana hela, mzigo hautoki, na wewe huku pochi yako inaonyesha kwamba ulituma. Nimechagua USDT ya mtandao wa TRON kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaoagiza bidhaa Guangzhou na Dubai, ingawa mengi nitakayosema yanahusu pia USDT ya Ethereum.

Tuanze na jinsi kugandisha kunavyofanyika, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotoka. Mtandao wa TRON wenyewe hauzuii chochote. Ni Tether iliyojiwekea, ndani ya mkataba wa USDT, amri inayoitwa `addBlackList`. Anwani ikishaingizwa humo, mwenye ufunguo wake bado anaweza kuona salio, bado anaweza kuhamisha TRX, lakini USDT haitoki. Amri ya kuifungua ni `removeBlackList`, na ya kuifuta kabisa hela iliyomo ni `destroyBlackFunds`. Zote tatu ziko mikononi mwa Tether peke yake. Kwa hiyo mtu yeyote wa Telegram anayekuambia ataifungua anwani kwa ada ya dola mia mbili anakuibia mara ya pili, hata akikutumia picha za skrini zenye nembo ya kampuni.

Sasa tazameni mstari huu wa mkataba wa USDT:

```
function transfer(address _to, uint _value) public whenNotPaused returns (bool) {
    require(!isBlackListed[msg.sender]);
```

Unamkagua anayetuma tu. Hakuna mahali panapomkagua anayepokea. Maana yake ni kwamba anwani iliyogandishwa inaendelea kupokea USDT kama kawaida: muamala unafaulu, tiki ya kijani inaonekana, hela inaingia, haitoki. USDC ya kampuni ya Circle haiko hivyo. Yenyewe inakagua pande zote mbili, na ukijaribu kutuma kwenye anwani iliyozuiwa muamala unakataliwa na hela yako inabaki kwako. Mimi naona huu ni upungufu mkubwa wa USDT, na unamwangukia mlipaji mdogo ambaye hana habari.

Tuchukue mfano, wa kubuni, lakini unaofanana na mambo tunayoyasikia sokoni. Mama mmoja anauza vitenge katika soko la Kimironko. Wakala wake wa Guangzhou amemtumia anwani kwa WhatsApp, naye akatuma USDT 2,400 Jumanne saa nne asubuhi. Alhamisi wakala anamwambia: anwani imefungwa, tuma tena kwenye anwani nyingine. Mama huyu asitume hata senti kabla ya kujibu maswali matatu, na yote yanajibiwa kwenye tovuti ya Tronscan bila malipo.

La kwanza: ni kweli imegandishwa, na ni nani aliyeigandisha? Unafungua mkataba wa USDT, `TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t`, unaingia sehemu ya `Read Contract`, unabandika anwani ya wakala kwenye `isBlackListed`. Ikijibu `true`, ni Tether. Ikijibu `false`, wakala ama anadanganya, ama anwani ile ni ya akaunti yake kwenye soko la kubadilishia sarafu, na soko hilo ndilo lililomfungia. Hayo ni mambo tofauti kabisa. Soko lina dawati la wateja, lina utaratibu wa kuuliza hela imetoka wapi, na mara nyingi risiti ya biashara inatosha kumfungulia mwenye akaunti. Tether haimjui.

La pili: iligandishwa lini? Tafuta tukio la `AddedBlackList` lenye anwani hiyo, ulinganishe saa yake na saa ya muamala wako. Angalia kama tovuti inaonyesha saa ya UTC, maana Kigali iko mbele kwa saa mbili, na tofauti hiyo inaweza kukupindulia hadithi nzima. Kama hela ya mama iliingia baada ya kugandishwa, wakala alikuwa anatoa anwani mbovu. Inawezekana alijua. Hapo mazungumzo yanabadilika.

La tatu, ambalo ndilo gumu: hela bado imo? Watu hudhani USDT ni kama noti, kwamba zile 2,400 zina alama ya mama na zimelala pembeni zikimsubiri. Sivyo. Anwani ina namba moja tu ya salio. Tuseme kabla ya mama kulipa ilikuwa na 500. Baada yake ikawa 2,900. Jioni ile ile wakala akahamisha zote 2,900, ikabaki sifuri. Jumatano wateja wengine wakaingiza 40,000, ndipo Tether ikaifunga. Salio ni kubwa, lakini la mama halimo humo tena. Lilishatoka Jumanne jioni, tena bila kizuizi, na wakala amekwishalipwa. Historia ya miamala inaonyesha hayo yote kwa mpangilio wa saa. Salio lisiposhuka kufikia sifuri, yaani hela zikichanganyika na nyingine kutoka kidogo kidogo, programu haiwezi kusema iliyobaki ni ya nani. Hilo huamuliwa na mahakama.

Tuseme basi imethibitika: hela iliingia kabla ya kugandishwa, haijatoka, na aliyefunga ni Tether. Mama afanye nini?

Njia zinaachana kutokana na jambo moja tu: je, anwani ile ilitolewa kweli na muuzaji, hapa wakala wa Guangzhou, au na tapeli aliyejifanya muuzaji?

Kama ni ya muuzaji kweli, msimamo wangu ni huu: mama amekwishalipa. Alituma kiasi kilichotakiwa, mahali alipoelekezwa, na kikafika. Kilichoizuia hela ni tuhuma dhidi ya anwani ya muuzaji, na mwenye kuzijibu ni muuzaji. Mama hawezi kuiomba Tether imrudishie, kwa sababu hakuibiwa. Wala si mteja wa Tether: kampuni hiyo huhudumia moja kwa moja wateja waliothibitishwa, na kiwango cha chini cha kubadilisha sarafu kwake ni dola 100,000. Silaha ya mama ni karatasi. Ahifadhi ujumbe wa WhatsApp wenye anwani (asiufute, na asitegemee picha ya skrini peke yake), ankara, namba ya muamala, na majibu ya `isBlackListed`. Kisha adai mzigo, au sehemu yake, kwa maandishi. Wauzaji wengi wanaotaka biashara iendelee hukubali kugawana hasara, na kwa dola 2,400 mapatano hayo yana faida kuliko kesi ya Guangzhou.

Muuzaji naye akienda kwa Tether, ataelekezwa kwa chombo cha dola kilichoomba anwani ifungwe. Mwaka 2025 kampuni ya Texas iitwayo Riverstone Consultancy ilifungua kesi New York ikidai kwamba Tether ilifunga dola milioni 44.7 kwa ombi la polisi wa Bulgaria, bila ombi hilo kupita njia rasmi za kimataifa. Mwenye dola milioni 44 anaweza kuajiri mawakili. Wakala wa vitenge hawezi. Ndiyo sababu nasema mama asikubali ahadi ya "nikifunguliwa nitakutumia".

Kama anwani ilikuwa ya tapeli, mambo yanageuka, na hapa kugandishwa ni heri kwa mama. Yeye ni mwathirika, na hela haijakimbia. Afungue malalamiko RIB, kwa namba ya bure 166 au kwenye kituo, chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Asiseme tu "nimeibiwa USDT". Atoe anwani, namba ya muamala, tarehe ya `AddedBlackList`, na aombe kwa maandishi RIB iwasiliane na Tether na kujua ni nchi gani iliyoomba anwani ifungwe. Tether hujibu vyombo vya dola. Kurudishwa kunafanyika hivi: `destroyBlackFunds` inafuta salio, kisha Tether inatoa USDT mpya kiasi hicho hicho kwenye anwani ya serikali, na serikali ndiyo inayowagawia waathirika.

Hilo huchukua muda mrefu. Novemba 2023 Tether iligandisha USDT milioni 225 zilizohusishwa na matapeli wa Kusini Mashariki mwa Asia. Waendesha mashtaka wa Marekani walifungua kesi ya kutaifisha fedha za kundi hilo Juni 2025, mwaka mmoja na miezi saba baadaye, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa hatua za mahakama. Waathirika waliotajwa ni zaidi ya 400. Ambaye jina lake halimo katika jalada lolote la polisi hana pa kusimama siku ya mgao, na hii ndiyo sababu ya kuripoti hata pale unapoona haina maana.

Najua linalowazuia wengi kwenda RIB. Benki Kuu, BNR, ilitamka wazi, soko la Bybit lilipoingiza faranga ya Rwanda, kwamba kubadilishana faranga na sarafu hizi na kuzitumia kulipia hakuruhusiwi. Mtu anaogopa kwamba akieleza alivyonunua USDT atageuka mtuhumiwa. Hofu hiyo ina msingi, na sitawadanganya. Mwaka 2025 rasimu ya sheria ya watoa huduma wa mali hizi iliwekwa hadharani, kwa hiyo ulizeni hali ya sasa kabla ya kwenda. Kila wilaya, Gasabo ikiwemo, ina ofisi ya MAJ inayotoa ushauri wa sheria bila malipo. Pitieni hapo kwanza mkiwa na makaratasi yote, na msipunguze ukweli wa mlivyonunua, maana miamala ya MoMo iko wazi kwa wachunguzi.

Na kwa mwenye kulipa kesho: bandika anwani kwenye `isBlackListed` kabla ya kutuma, dakika ile ile. Kisha umwombe muuzaji aandike, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba hela ikifika kwenye anwani hii deni limekwisha. Akikataa kuandika, tumia benki.