Neno la kuwakaribisha wanafunzi wapya wa staji

Vijana wetu, karibuni katika radio hii na katika Nyamitaba. Wengine wenu mmezaliwa hapa, wengine mmepanda kutoka Kitchanga na Mweso. Wote mtakula ugali mmoja nasi na kunywa chai moja, basi msiogope kuuliza.

Mambo ya nyumba ni machache. Tunafika kabla ya saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Simu inazimwa kabla ya kuingia studio. Batri za umeme wa jua ni za mikro na mtambo. Anayetaka kuchaji simu yake angoje mchana jua likiwa kali. Mengine mtayaona wenyewe.

Tunataka kutumia asubuhi hii kwa kazi moja tu, kwa sababu ndiyo mtakayoanza nayo: meza ya matangazo. Mtaletewa matangazo ya mbuzi aliyepotea, ya mazishi, ya chanjo. Lakini kuna moja linalotaka akili kuliko yote, nalo ni tangazo la mtoto aliyeachana na wazazi wake. Watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, na katika kukimbia mkono wa mtoto unaponyoka. Radio inaweza kusaidia sana. Mwaka wa 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake kile kinachounganisha jamaa, na majina ya waliotafutwa yalisomwa humo. Lakini radio inaweza pia kumpa mwizi njia ya kumfikia mtoto. Tofauti iko katika yale mnayosema na yale mnayoyaacha.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa hapa anakuja mlangoni na mtoto wa kike. Amemkuta njiani, analia. Mtoto anasema anaitwa Neema.

Kwanza mketishe, mpe maji, ongea naye katika lugha anayoisikia, iwe Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili. Andika jina namna anavyolitamka yeye, si namna wewe unavyodhani linaandikwa. Usimwulize tu, "Jina la mama yako ni nani?" Mtoto wa miaka 7 atajibu, "Ni Mama." Mwulize, "Majirani wanamwita mama namna gani?" Hapo atakwambia: mama Furaha. Usimwulize grupema yake wala lokalite yake. Mwulize mnachota maji wapi, mnasali kanisa gani, soko lenu ni siku gani, mwalimu wake ni nani. Kwa majibu hayo, mtu anayejua nchi hii atatambua kijiji.

Ndipo uandike katika kitabu cha matangazo: tarehe, saa, nani amemleta, waliachana wapi, yuko kwa nani sasa. Andika pia alama za mwili, majina ya ndugu zake, na kitu mama alichokuwa amebeba siku ile. Kitabu hiki kinakaa ndani ya kabati na ufunguo uko kwa mkubwa wa programu.

Kabla ya kusoma lolote, tunamwita shefu wa kijiji na mtu mwenye kazi ya kulinda watoto, au watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa zilizotawanyika. Ni wao wanaoamua mtoto atalala wapi. Radio haifugi mtoto, na radio haimtoi mtoto kwa mtu. Wakikubali tangazo lisomwe, tunasoma.

Tangazo lenyewe ni fupi: "Tunatafuta wazazi wa mtoto wa kike anayeitwa Neema, mwenye miaka kama 7. Majirani wanamwita mama yake mama Furaha. Waliachana siku ya Jumanne katika njia ya kutoka Kitchanga. Mtoto yuko salama. Anayemjua afike hapa radio au apige namba hii." Halafu namba inasomwa tarakimu moja moja, polepole, mara mbili, kwa sababu msikilizaji anatafuta kalamu, au anaandika kwa mkaa ukutani.

Sasa angalieni tulichoacha. Hatukusema analala kwa nani. Hatukusema ana kovu wapi. Hatukutaja majina ya ndugu zake wala mzigo wa mama. Hatukusema kabila. Hatukusema nani alipigana na nani, wala watu wanapita njia gani leo, kwa maana mwenye silaha naye ana radio. Neno "walipokimbia" linatosha.

Yale tuliyoyaficha ndiyo yatakayotusaidia mtu akija. Atakuja mtu na kusema, "Huyo ni wangu." Usimwonyeshe mtoto, na usimwambie neno lililo katika kitabu. Mpe kiti umwulize maswali yaliyo wazi: "Tueleze siku mliyoachana. Ndugu zake ni nani? Ana alama gani?" Ukimwuliza, "Ana kovu katika goti la kuume, si ndiyo?" umeshampa jibu, na tangu hapo kovu halina kazi tena. Mnamkumbuka Sulemani na wale wanawake wawili: hakuangalia nani anapaza sauti zaidi. Lakini sisi si Sulemani, hatuhukumu. Tunaandika majibu yake na kuwapa wale wenye kazi ya kulinda mtoto. Wao watamwuliza na mtoto kando, watamtazama uso wake anapomwona mtu yule, na kama ni yeye watamkabidhi kwa karatasi na sahihi mbele ya shefu.

Mara nyingine shangazi wa kweli hatajua kila jibu. Msimfukuze kama mwongo. Andika alichosema na alikokaa, aongojee. Na mwenye kuharakisha sana, anayetaka kumchukua mtoto kabla ya jioni na hataki jina lake liandikwe, mjulishe mkubwa wa programu papo hapo.

Tangazo linasomwa asubuhi watu wakiwa nyumbani, na jioni wakirudi shambani, katika lugha zote tatu. Anayetafsiri asiongeze neno: "waliachana" isigeuke kuwa "alitupwa". Mtoto akipata jamaa yake, tunasema hewani kwamba tangazo limefungwa, bila kueleza ameenda wapi, na tunapiga mstari katika kitabu. Tusipolifunga, watu wataendelea kutembea kilometa nyingi bure.

Basi kazi ya leo ni hii. Kila mmoja aandike tangazo la Neema kwa nusu ukurasa, mkono wake mwenyewe. Kisha atakaa mbele ya mikro, mdomo uwe mbali kiasi cha shubiri moja, karatasi iwekwe mezani isipige kelele, asome. Mwenzake ambaye hakuiona karatasi ataturudilia alichosikia. Akikosa jina au namba, kosa ni la msomaji, na atasoma tena. Akisikia jambo ambalo lilipaswa kubaki katika kitabu, tutaandika upya.

Chai iko tayari mezani. Kunyweni, kisha shikeni kalamu.