Mwalimu na Mstari Unaopanda

Ndugu wanakikundi, tunawaletea kisa cha mwalimu mmoja mstaafu. Kijana alimletea grafu ya bei ya hisa, mstari umepanda kama mlima. "Mwalimu, weka pensheni yote leo!" Mwalimu akavaa miwani, akachukua rula. Hakuanza na mstari. Alisoma namba za pembeni. Kumbe zilianzia shilingi 20, si sufuri. Mlima wote ule ulitoka 20 ukafika 22 kwa miezi 12, yaani asilimia 10 tu. Akauliza, "Na mwaka uliotangulia?" Haukuwamo. Juma lililofuata kijana akauleta: bei ilikuwa imeanguka kutoka 40 hadi 20. Sisi wengine, tunakiri, tulikuwa tumeshachanga nauli ya kwenda kununua. Mwalimu pesa zake ziko benki.