Kinachokwisha Kwanza: Slesi, Mrututu na Chokaa
Mada kwa semina ya walimu wa kemia, Kingerikiti

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu gramu za vitendanishi viwili, umuulize kipi kitakwisha kwanza. Wengi watataja chenye gramu chache. Wakipewa moli, watataja chenye moli chache. Majibu yote mawili hutokea kuwa sahihi mara nyingine, na ndiyo maana kosa hili hudumu hadi mtihani wa taifa.

Mimi huanza na sandwichi ya yai: slesi 2 za mkate na yai 1 la kukaanga. Mezani kuna slesi 10 na mayai 7. Slesi 10 zinatosha sandwichi 5, mayai 7 yanatosha 7. Tutapata 5, na mayai 2 yatabaki. Kilichokwisha ni slesi, ingawa ndizo zilizokuwa nyingi. Tupime basi kwa mizani: tuseme slesi moja ina gramu 40 na yai gramu 50. Mkate una gramu 400, mayai gramu 350. Mkate ndio mzito, na bado ndio uliokwisha. Swali moja tu ndilo linaloamua: kila kimoja, peke yake, kinatosha sandwichi ngapi? Namba ndogo ndiyo jibu. Mwache mwanafunzi hapo kwa muda kabla hujaandika mlinganyo wowote ubaoni.

Kwa mmenyuko halisi, nashauri tutumie mrututu. Wakulima wa kahawa wa Mbinga na Nyasa wanaufahamu kwa vita dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Siku hizi wengi hununua dawa ya kopa iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, lakini ile ya zamani, iliyotangazwa na Mfaransa Millardet mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, huchanganywa kwa mkono: mrututu wa bluu, chokaa iliyozimwa na maji. Kipimo kinachojulikana ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, lita 100 za maji. Darasani tunapunguza: gramu 10, gramu 10, lita 1. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha kioo, kwa sababu mrututu hula chuma. Na ni sumu, kwa hiyo chombo hicho kisirudi jikoni.

CuSO4·5H2O + Ca(OH)2 → Cu(OH)2 + CaSO4 + 5H2O

Hapa uwiano ni 1:1. Moli moja ya mrututu ina gramu 249.5, maji ya fuwele yakiwemo; anayeyasahau atatumia 159.5 na hesabu yote itapinda. Gramu 10 ni moli 0.040. Moli moja ya chokaa ina gramu 74, kwa hiyo gramu 10 ni moli 0.135. Gramu zililingana, moli hazikaribiani. Mrututu unakwisha, tunapata gramu 3.9 hivi za mashapo ya bluu, na chokaa inabaki moli 0.095, yaani gramu 7.

Mbona wakulima waweke chokaa kupita kiasi namna hiyo? Kwa sababu mrututu uliobaki kwenye maji huunguza majani. Sasa punguza chokaa iwe gramu 2, yaani moli 0.027. Chokaa inakwisha kwanza, na kwa hesabu mrututu unabaki moli 0.013, kama gramu 3.2. Kwa kweli hubaki pungufu ya hapo, maana mashapo hubeba salfeti kidogo na mlinganyo wetu ni rahisi kuliko ndoo. Lakini kinachokwisha hakibadiliki.

Uzuri ni kwamba jibu linaonekana. Sugua msumari kwa msasa hadi ung'ae, uutumbukize dakika chache katika kila ndoo. Kwenye ndoo ya chokaa gramu 2 utatoka na utando mwekundu wa shaba. Kwenye ile ya gramu 10 utatoka ulivyoingia. Kisha chuja maji ya ndoo hii ya pili na kuyapuliza kwa mrija, kwa kutoa pumzi tu bila kuvuta: yanageuka meupe, kwa kuwa chokaa imebaki.

Msumari ukiwa mwekundu hata kwenye ndoo ya gramu 10, usikimbilie kulaumu hesabu. Chokaa iliyokaa wazi hunywa kabonidioksidi ya hewani na kugeuka kalsiamu kaboneti, ambayo haifanyi kazi hiyo ipasavyo. Gramu 10 za mizani huenda zina gramu 2 tu za chokaa iliyozimwa. Ikamulie ndimu kijiko kimoja: ikitoa mapovu mengi, tafuta mfuko mpya.