Rafu Imejaa, Lakini Agizo Limechelewa: Jedwali la Stoo kwa Zahanati

Maelezo kwa wasimamizi wa zahanati na watunza stoo wa Kaunti ya Nyeri



Mama anapotoka mlimani upande wa Naro Moru asubuhi yenye baridi, mtoto mgongoni ana homa, hatarajii kuambiwa akanunue parasetamoli dukani. Mara nyingi jibu hilo halitokani na ukosefu wa dawa nchini. Hutokana na agizo lililoandikwa wiki mbili baada ya wakati wake, kwa sababu mtu aliitazama rafu, akaona makopo bado ni mengi, akaiacha kazi ya kuagiza ingoje. Jicho huhesabu makopo yaliyopo, lakini haliwezi kuhesabu siku zilizobaki. Kazi hiyo inaweza kufanywa na lahajedwali la kurasa mbili katika programu ya Excel.

Ukurasa wa kwanza uitwe Daftari. Huu ndio ukurasa pekee ambao mtunza stoo huandika kila siku. Safu A ni tarehe, B ni nambari ya hati, C ni bidhaa, D ni kiasi kilichoingia, E ni kiasi kilichotoka, na F ni salio. Kila tukio lipewe mstari wake. Dawa zikipokelewa kutoka KEMSA au kwa mwuzaji mwingine, hati ni S13. Zikitolewa stoo kwenda chumba cha kugawia dawa, hati ni S11. Karatasi hizo hazifutwi na kompyuta. Nambari yake ndiyo inayomwezesha mkaguzi kutoka kwenye mstari wa jedwali hadi kwenye sahihi ya aliyepokea.

Kanuni kubwa ya ukurasa huu ni kwamba salio haliandikwi kwa mkono hata mara moja. Linakokotolewa. Katika kisanduku F2 iwekwe fomula hii, kisha ivutwe chini hadi mwisho wa ukurasa:

```
=IF(C2="","",SUMIFS(D$2:D2,C$2:C2,C2)-SUMIFS(E$2:E2,C$2:C2,C2))
```

Maana yake ni nyepesi. Jumlisha kila kilichoingia cha bidhaa hii tangu mstari wa 2 hadi hapa, utoe kila kilichotoka. Alama ya dola imeufunga mstari wa kwanza usisogee, na mwisho wa hesabu hushuka pamoja na fomula. Kwa njia hiyo bidhaa zote zinaweza kuandikwa katika daftari moja bila kuchanganyika, kila moja ikifuata salio lake.

Chukulia zahanati moja ya upande wa Kieni. Tarehe 1 Julai stoo ilihesabiwa ikawa na makopo 14 ya parasetamoli, kila kopo vidonge 1,000. Hesabu hiyo ndiyo mstari wa kwanza, upande wa kuingia. Tarehe 3 yakatoka makopo 3, salio likawa 11. Tarehe 10 yakatoka 4, likabaki 7. Tarehe 15 mzigo ulifika, makopo 20, salio likapanda hadi 27. Tarehe 22 yakatoka 3, na tarehe 30 yakatoka 4. Mwezi ulifungwa na makopo 20. Mtunza stoo aliyeanza mwezi na makopo 14 akitazama rafu hiyo atasema hali ni njema kuliko mwanzo.

Hapo ndipo ukurasa wa pili unapohitajika. Uitwe Hali. Kila bidhaa ina mstari mmoja tu. Safu A ni jina la bidhaa, B ni wastani wa matumizi ya mwezi, C ni miezi ya kungoja, D ni kiwango cha kuagiza, E ni salio la sasa, na F ni onyo. Fomula za D2, E2 na F2 ni hizi, kwa mfuatano huo:

```
=ROUNDUP(B2*C2,0)
=SUMIFS(Daftari!D:D,Daftari!C:C,A2)-SUMIFS(Daftari!E:E,Daftari!C:C,A2)
=IF(E2<0,"KAGUA",IF(E2<=D2,"AGIZA","SAWA"))
```

Zahanati yetu ya mfano ilitoa makopo 12 mwezi wa Mei, 16 mwezi wa Juni na 14 mwezi wa Julai. Jumla ni 42, kwa hiyo wastani ni 14 kwa mwezi. Tangu agizo liandikwe hadi mzigo ushushwe, zahanati hiyo hungoja mwezi mmoja. Ikiongezwa nusu mwezi kuwa akiba ya dharura, miezi ya kungoja ni 1.5. Kumi na nne mara 1.5 ni 21. Salio ni 20, na 20 haijazidi 21, basi jedwali linaandika AGIZA. Rafu imejaa, lakini siku ya kuagiza imeshafika. Makopo hayo 20 yatatosha takriban wiki sita, na nne kati ya hizo zitakwisha kwa kungoja.

Kila zahanati iweke muda wake yenyewe katika safu C. Kituo kilicho karibu na Nyeri mjini na kile ambacho gari hukwama njiani wakati wa masika haviwezi kuwa na nambari moja. Msimu nao una neno. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapokaa siku nzima huku kwetu, watoto wenye homa na kikohozi huongezeka, kwa hiyo wastani uliopigwa kwa miezi ya joto utadanganya. Upigwe upya kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita.

Kuna mtego mwingine katika wastani. Mwezi ambao dawa iliisha huonekana kama mwezi wa matumizi madogo, na kumbe wagonjwa walirudishwa mikono mitupu. Ikiwa yalitoka makopo 10 na stoo ilikaa tupu siku 10 kati ya 30, basi makopo hayo yalitumika kwa siku 20. Gawanya 10 kwa 20, uzidishe kwa 30, upate 15. Hiyo 15 ndiyo inayoingia kwenye wastani. Anayeandika 10 anaagiza pungufu, dawa inaisha tena mapema, na mwezi unaofuata anaagiza pungufu zaidi.

Sasa makosa. Lililo baya kuliko yote halitoi alama yoyote nyekundu. SUMIFS hutafuta jina lililo sawasawa. Mstari ukiandikwa Panadol badala ya jina lililo kwenye ukurasa wa Hali, au nafasi moja ikaachwa mwishoni mwa jina, makopo yaliyotoka hayatapunguzwa. Salio litabaki juu na onyo litachelewa. Dawa ya kosa hili ni kutoruhusu majina kuandikwa kwa vidole. Chagua safu C ya Daftari, fungua `Data`, kisha `Data Validation`, chagua `List`, na katika `Source` uandike:

```
=Hali!$A$2:$A$50
```

Kuanzia hapo jina huchaguliwa katika orodha. Hata hivyo, mtu akibandika maandishi kutoka kwingine, orodha hiyo hurukwa. Kwa hiyo iwekwe hesabu ya ulinzi katika kisanduku H1 cha ukurasa wa Hali:

```
=SUM(Daftari!D:D)-SUM(Daftari!E:E)-SUM(E2:E50)
```

Jibu lake lazima liwe 0 kila siku. Likisoma -3, kuna makopo 3 yaliyotolewa kwa jina ambalo Hali hailijui. Atafutwe mwenye jina hilo katika safu C kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kosa la pili ni la vipimo. Mmoja anaandika 1 akimaanisha kopo, mwenzake anaandika 1000 akimaanisha vidonge. Salio huporomoka chini ya sifuri na Hali inaandika KAGUA, kwa kuwa stoo haiwezi kutoa kisichokuwamo. Kinga yake ni kuweka kipimo ndani ya jina lenyewe: Parasetamoli 500 mg, kopo. Kosa la tatu ni nambari iliyoingia kama maandishi, kwa mfano 4 iliyofuatwa na neno makopo. Excel haiwezi kuijumlisha, na hesabu ya ulinzi nayo haitaiona. Dalili ni mbili: nambari hiyo hulala upande wa kushoto wa kisanduku huku zenzake zikilala kulia, na salio la mstari huo halibadiliki. Ndiyo maana mtunza stoo, baada ya kila mstari, hutupia jicho safu F kabla ya kuendelea.

Mwisho, jedwali linajua kilichoandikwa tu. Halijui kopo lililolowa wala dawa iliyopita tarehe ya kutumika. Kila Ijumaa zihesabiwe bidhaa tano rafuni na kulinganishwa na safu E. Tuseme rafu ina makopo 18 na jedwali linasema 20. Kishawishi ni kuandika 18 juu ya fomula. Akifanya hivyo, fomula imekufa, salio litabaki 18 milele, na hakuna atakayejua yale mawili yalikwenda wapi. Kwanza zipekuliwe S11 za wiki hiyo. Huenda moja haikuingizwa. Isipopatikana, msimamizi wa kituo aarifiwe, kisha uongezwe mstari mpya wenye 2 upande wa kutoka, na mahali pa hati iandikwe sababu na aliyeidhinisha. Dawa zilizopita tarehe nazo hutolewa kwa mstari wake, ili zisihesabiwe kuwa akiba. Katika kupiga wastani, mistari ya aina hizi mbili iachwe nje, kwani si matumizi ya mgonjwa.

Umeme ukikatika, tukio liandikwe kwenye kadi ya rafuni na kuingizwa siku hiyo hiyo umeme ukirudi, pamoja na tarehe yake halisi. Nakala ya jedwali itunzwe nje ya kompyuta ya stoo kila Ijumaa baada ya kuhesabu.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya foleni kuanza, kituo kifungue ukurasa wa Hali, kihakikishe H1 inasoma 0, kisha kisome safu F kutoka juu hadi chini. Penye AGIZA, agizo liandikwe siku hiyo hata kama rafu inaonekana imejaa, na tarehe ya agizo iwekwe kando, safu G, ili lisiandikwe mara mbili mzigo ungali njiani.