Wimbi la Uhuru Lilivyofika Ijara

Msikilizaji, tunaposema uhuru wa Afrika ulikuja kwa mawimbi, Ijara ilipigwa na wimbi kutoka kaskazini kabla ya lile la Nairobi.

Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia Somalia mwaka 1950 kwa sharti la kuiachia huru baada ya miaka 10. Tarehe hiyo ilimlazimisha Mwingereza naye kuharakisha: Somalia yake ikapata uhuru Juni 26, 1960, na siku tano baadaye Somalia hizo mbili zikaungana kuwa jamhuri moja.

Huku kwetu, wilaya ya mpakani ya kaskazini, Garissa na Ijara zikiwemo, ilikuwa imefungwa. Huingii wala hutoki bila kibali. Chama cha Vijana wa Kisomali kilifungua matawi miaka ya 1940, serikali ikakipiga marufuku mwaka 1948. Siasa ziliporuhusiwa tena mwaka 1960, kilizaliwa chama cha NPPPP, kikidai eneo hili lijiunge na Somalia.

Tume iliyotumwa na London mwaka 1962 kuuliza maoni ya wakazi ilikuta Wasomali, ambao ndio wengi, wakitaka kujitenga. London ilijua hivyo, lakini haikutaka kuwaudhi KANU na KADU, na Machi 1963 ikatangaza mkoa wa saba ndani ya Kenya. Kwa maoni yangu, kuuliza kisha kupuuza jibu kulikuwa kubaya kuliko kutouliza. Wasomali wakasusia uchaguzi wa Mei.

Bendera ya Kenya ilipanda Desemba 12, 1963. Kabla mwezi haujaisha, mkoa wetu uliwekwa chini ya hali ya hatari.