Shujaa na Sifuri: Habari za Herufi H katika Kifaransa



Jioni hii twataka kunena juu ya herufi moja tu, nayo ni h ya Kifaransa. Wenzetu wasomao Kifaransa katika shule za Kongo, Rwanda na Burundi wanaijua adha yake, na hata sisi tuliokwisha kukifundisha muda mrefu tumepata kuaibishwa nayo.

Siku moja, katika darasa letu la wanafunzi wa ualimu, kijana mmoja alisimama kusoma kwa sauti habari za watu walioifia nchi yao. Alisoma vema, kwa sauti ya kupendeza, mpaka alipofika penye maneno les héros, yaani mashujaa. Hapo akasoma, “le-zero.” Waliojua wakaangua kicheko, kwa kuwa le-zero kwa masikio ya Mfaransa si mashujaa, bali ni sifuri, zile za hesabu. Watu waliomwaga damu yao wamegeuka kuwa sifuri! Kijana akatahayari, lakini kabla hajaketi akauliza, “Mwalimu, jana ulitufundisha kwamba les hommes, yaani wanaume, husomwa le-zom. Leo nimefuata kanuni ile ile. Kosa langu ni lipi?”

Swali hilo lilikuwa la haki. Nasi siku ile tulijibu tu kwamba ndivyo Wafaransa wasemavyo, jibu ambalo si jibu. Lile lililotupasa kumpa ndilo tutakalolieleza sasa.

Kwanza sharti tujue desturi mbili za Kifaransa. Desturi ya kwanza ni kudondosha. Neno fupi kama le au la likikutana na neno linaloanza kwa irabu, hupoteza irabu yake, na mahali pake huandikwa alama ya ritifaa, ile koma ya juu. Hawasemi le ami, bali l'ami, yaani rafiki. Jambo hili si geni kwetu. Sisi nasi husema kitu kizuri, lakini hatusemi kitu kiema. Twasema kitu chema. Kiambishi chetu hutazama sauti inayokifuata, ndipo kikajua kivae vazi gani.

Desturi ya pili ni kuunganisha. Maneno mengi ya Kifaransa yana konsonanti mwishoni ambayo huandikwa lakini haitamkwi. Neno les likiwa peke yake husomwa le, na ile s hulala. Lakini likifuatwa na irabu, s huamka, huwa z, na kurukia neno la pili: les amis husomwa le-zami.

Sasa h yaingia wapi? Yatupasa kufahamu neno moja, nalo litatuondolea nusu ya taabu: katika Kifaransa cha kawaida h haitamkwi popote. Vitabu hutaja h za namna mbili, moja ikiitwa h bubu, na ya pili h ya pumzi. Jina hili la pili limewapoteza Waswahili wengi. Sisi tunayo h ya kweli katika heri na haki, basi msomaji akisikia “h ya pumzi” huvuta pumzi akaitoa kwa nguvu mbele ya héros. La, hasha! H zote mbili ni bubu kwa masikio. Tofauti yao haimo katika sauti yao wenyewe, bali katika jinsi zinavyolitendea neno lililotangulia. H bubu ni kama mlango ulio wazi: irabu iliyo nyuma yake hutoka, na le hudondosha, na s huamka. H ya pumzi ni kama mlango uliofungwa: hatusikii kitu mlangoni, lakini hapana apitaye. Basi homme ina h bubu, nao husema l'homme, na le-zom. Héros ina h ya pumzi, nao husema le héros bila kudondosha, na le-ero bila kuunganisha, wakiacha irabu mbili zikutane.

Mtu atauliza, kitu kisichosikika kimepataje nguvu ya kufunga mlango? Jibu limo katika historia. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, na h ya Kilatini ilikwisha kunyamaza katika vinywa vya watu tangu zama za Warumi. Neno homme katika Kifaransa cha kale liliandikwa mara nyingi bila h kabisa, kisha waandishi wakairudisha kwa kukumbuka Kilatini. H ya namna hiyo ni pambo la kalamu tu. Lakini katika karne ya 5 Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani, waliingia nchi ile na kuitawala, na lugha yao ilikuwa na h yenye pumzi hasa. Kutoka kwao yalikuja maneno kama honte, aibu, na hameau, kijiji kidogo. Kwa karne nyingi h hiyo ilitamkwa, nayo ilizuia kudondosha na kuunganisha kama konsonanti nyingine yoyote. Kisha, kufikia karne ya 16 na ya 17, ikafifia hata ikatoweka. Sauti imekufa, lakini amri yake ingali hai.

Maneno ya Kiarabu nayo hufuata njia hiyo mara nyingi. Hina yetu kwao ni le henné, na hamamu ni le hammam, yote kwa h ya pumzi. Walakini asili ya neno si kanuni isiyovunjika, kwa maana hijra kwao ni l'hégire, kwa h bubu. Tena neno haut, lenye maana ya juu, lilitoka katika Kilatini altus kisicho na h. H yake iliambukizwa na neno la Kifranki lenye maana hiyo hiyo, nayo ikawa ya pumzi. Na neno huile, mafuta, liliongezwa h na waandishi kwa sababu zamani u na v zilikuwa herufi moja, na bila h mtu angeweza kusoma vile. H hiyo haikupata kuwa na pumzi, nao husema l'huile.

Neno héros lenyewe ndilo la ajabu. Lilitoka katika Kiyunani kwa njia ya Kilatini, kwa hiyo lilistahili h bubu. Na jamaa zake wote wanayo: l'héroïne, shujaa wa kike, na l'héroïsme, ushujaa. Kwa nini baba apingane na watoto wake? Maelezo ya zamani ni kwamba watu waliogopa mashujaa wasichanganywe na sifuri, jambo lile lile lililompata kijana wetu. Hatuwezi kuapa kwamba ndiyo sababu pekee, lakini inaelekea akili: shujaa wa kike hana hatari hiyo, kwa kuwa hakuna neno linalofanana na le-zeroin.

Wala kosa hili halikomei kwa mashujaa. Les hauteurs, bila z, ni vilima au mahali palipoinuka. Ukitia z umesema les auteurs, waandishi wa vitabu. Les Huns, bila z, ni wale Wahuni wa Attila. Ukitia z umesema les uns, baadhi ya watu. Msikilizaji hawezi kuona herufi. Ana z tu ya kumwongoza, au ukosefu wake.

Basi msomaji afanyeje? Asomapo wingi hana dalili machoni pake. Les héros na les héroïnes huandikwa kwa namna moja, na kuunganisha hakuna alama katika maandishi. Lakini kudondosha kunayo alama, ile ritifaa. Kwa hiyo lirudishe neno katika umoja wake, nao umoja utatoa ushahidi. Ukipata l' yenye ritifaa, mlango u wazi, na z ipite. Ukipata le au la kamili, mlango umefungwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asijifunze neno tupu. Asiandike héros katika daftari lake, bali le héros. Wala asiandike histoire, bali l'histoire. Na kama hana uhakika, kamusi nyingi huweka kinyota mbele ya neno lenye h ya pumzi, au alama ndogo mfano wa ritifaa katika matamshi yake.

Tujaribu sentensi moja: Les héros et les héroïnes de cette histoire habitent un petit hameau. Maana yake, mashujaa wa kiume na wa kike wa hadithi hii wanakaa katika kijiji kidogo. H ni tano. Ya kwanza: le héros, mlango umefungwa, twasoma le-ero. Ya pili: l'héroïne, mlango u wazi, twasoma le-zeroin. Ya tatu: l'histoire, mlango u wazi, na t ya cette yaingia moja kwa moja katika i inayofuata. Ya nne ni kitendo habitent, kisichokuwa na le wala la. Hapo twamtumia shahidi mwingine, neno je, yaani mimi. Wafaransa husema j'habite, kwa ritifaa, basi mlango u wazi. Ya tano: le hameau, umefungwa, na t ya petit yalala, twasoma peti-amo. Lau lingalikuwa petit homme, t ingaliamka, tukasoma peti-tom.

Lakini twawaonya neno moja. Mlango huu si mali ya h peke yake. Onze, kumi na moja, haina h hata kidogo, nao husema le onze. Na huit, nane, husema le huit kama mwenye h ya pumzi, lakini katika dix-huit, kumi na nane, z hupita wazi. Hayo hayana budi kukaririwa.

Kijana yule sasa ni mwalimu. Tulipomtembelea katika darasa lake tuliona ubaoni ameandika maneno mawili, moja chini ya jingine: le héros, l'héroïne. Mtoto mmoja akayasoma katika wingi, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa mashujaa walibaki kuwa mashujaa.