Kujitambulisha Mbele ya Jopo la Ufadhili

Wajumbe wa jopo wanapomwambia mwanafunzi ajitambulishe, jina na alama zake tayari wanazo mezani. Watakalo ni kuijua njia iliyomfikisha kwenye fani anayoiomba.

Tuchukue kijana wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mkulima wa karafuu huko Pemba. Akianza na ufukara wa kwao, watamhurumia, wala hawatakuwa na la kumuuliza. Bora aseme: "Kwetu karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa, zikinyeshewa huharibika na bei hushuka. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kemia, na sasa katika utafiti wangu wa shahada napima unyevu wa karafuu zilizokaushwa. Naomba kusomea teknolojia ya chakula."

Swali la pili litatoka humo humo: unyevu aliupimaje? Akijibu kwamba alizipima uzito kabla na baada ya kuzitia katika tanuri, mjumbe mjuzi atamkumbusha kuwa moto huondoa na mafuta ya karafuu, si maji peke yake. Aliyeifanya kazi kwa mkono wake atalieleza hilo. Aliyekariri, sisi tumewaona, hurudi kutaja jina lake upya.